Pesa Imeingia, ya Nani?

Ipo simu moja ambayo mhasibu yeyote wa kampuni inayouza kwa mkopo anaifahamu. Mteja anasema, "Mimi nimeshalipa." Mhasibu anajibu, "Huku hatuoni." Mteja anapandisha sauti, mhasibu naye anapandisha, na dakika tano baadaye kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Kumbe wote wawili wamesema kweli. Fedha zimelipwa, tena zimo ndani ya akaunti ya kampuni. Kisichokuwepo ni kitu kidogo cha kumwambia mhasibu kwamba fedha hizo ni za fulani, na zimelipia mzigo fulani. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu hicho kidogo, na juu ya njia ya kujiokoa kikikosekana.

Tumchukue mwenye duka wa Nainokanoka. Nampa mfano tu, lakini hali yake wengi mtaitambua. Nainokanoka iko juu kwenye nyanda za Ngorongoro, karibu na Olmoti, ndani ya eneo la hifadhi. Huko watu wanafuga, kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo unga wa ugali unapanda mlima kwa gari. Mwenye duka wetu anachukua sembe kwa mali kauli kutoka kampuni moja ya Arusha: mifuko 50 ya kilo 25, kila mmoja shilingi 37,000. Jumla ni shilingi 1,850,000. Kwenye vitabu vya kampuni yeye ni mteja namba 0417, na ankara ya mzigo huo ni namba 2286.

Siku ya kulipa ikafika, naye hakuweza kuliacha duka. Akahesabu noti, akazifunga kwa mpira, akamkabidhi dereva wa lori linaloteremka Karatu pamoja na kikaratasi chenye namba ya akaunti ya kampuni. Dereva akapita getini Lodoare, akafika Karatu Jumamosi alasiri, akaingia kwa wakala wa benki. Wakala akaandika namba ya akaunti, jina la kampuni likatokea kwenye mashine, dereva akaitikia kwamba ndilo. Wakala akauliza, "Maelezo niandike nini?" Dereva akajibu kwa nia njema kabisa, "Andika unga."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Jumatatu asubuhi mhasibu kule Arusha anafungua taarifa ya benki. Anakuta mstari unaosema fedha taslimu zimewekwa kwa wakala, shilingi 1,850,000, maelezo: UNGA. Sasa hii ni kampuni ya unga. Kila anayewalipa analipia unga. Tena bei ni moja kwa wateja wote wa jumla, na mifuko 50 ni kiasi ambacho wengi hukichukua kwa sababu ndicho kinachoenea kwenye gari dogo. Kwa hiyo taarifa hiyo ina mistari mitatu ya 1,850,000. Mmoja una jina la mteja wa Mto wa Mbu, mmoja una namba ya ankara, na wa tatu una neno UNGA. Mhasibu hawezi kubahatisha. Akimpa mtu asiyehusika, kesho atadaiwa na mwenye haki. Anafanya anachotakiwa kufanya: anauandika mstari huo katika akaunti ya fedha zisizotambuliwa, anasubiri mwenye nazo ajitokeze, na mteja namba 0417 anabaki na deni lake kama kwamba hakulipa hata senti.

Jumanne kompyuta ya kampuni inamfungia. Lori linakwenda Nainokanoka bila mifuko yake.

Sasa hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu anaposema "nina uthibitisho wa malipo", mara nyingi anamaanisha kwamba anaweza kuonyesha fedha zilitoka mkononi mwake. Lakini maswali ni matatu. La kwanza: je, fedha zilitoka? La pili: je, zimefika kwenye akaunti ya kampuni? La tatu: je, ni za nani, na kwa deni lipi? Risiti ya wakala inajibu la kwanza, na kwa sehemu kubwa la pili pia, kwa kuwa namba ya akaunti na jina la mpokeaji vimeandikwa pale. Mstari wa taarifa ya benki ya kampuni unamaliza la pili. Swali la tatu halijibiwi na chochote kati ya hivyo. Ndilo ambalo kumbukumbu ya malipo ingelijibu, na kwa kuwa haikuandikwa, inabidi tulijibu kwa njia nyingine.

Ndiyo maana ukimtumia mhasibu meseji ya simu haimridhishi. Si dharau. Yeye anajua kwamba meseji inaandikika upya, na picha ya skrini inachezewa na kijana yeyote mwenye simu nzuri. Lipo na jambo baya zaidi analolihofia: mtu aliyesikia kwamba kuna 1,850,000 zisizo na mwenyewe akajitokeza kudai ni zake. Kampuni yenye akili huwa haitangazi kiasi wala tarehe ya fedha zisizotambuliwa. Inakaa kimya na kumwacha anayedai aseme mwenyewe: kiasi gani, siku gani, saa ngapi, kupitia wapi. Usikasirike ukiulizwa hivyo. Maswali hayo yanakulinda wewe.

Basi mwenye duka wetu afanye nini?

Aanze na ile risiti ambayo dereva alipewa na wakala. Kwanza asome namba ya akaunti iliyochapishwa pale, tarakimu kwa tarakimu, ailinganishe na ile iliyo kwenye ankara. Hili linafanywa mapema kwa sababu kama fedha ziliingia akaunti ya mtu mwingine, basi tuna shauri tofauti kabisa: hapo ni kukimbilia benki siku hiyohiyo kuomba muamala uzuiwe, kabla aliyepokea hajazitoa. Namba zikiwa sawa, tumebaki na shauri letu la kumbukumbu tu, ambalo ni jepesi kuliko linavyotisha.

Halafu aipige picha karatasi hiyo, na kama kuna duka lenye mashine ya kutoa nakala, atoe nakala. Nasema leo, si kesho. Risiti za mashine za wakala huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, haina wino. Ukiihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, ukiipaka mafuta ya mikono, au ukiichomeka ukutani karibu na jiko, maandishi yanafifia mpaka inabaki karatasi nyeupe. Nimewahi kuona mtu ametunza risiti yake miezi minane ndani ya kitabu cha dini kwa heshima zote. Alipoifungua mbele ya mhasibu haikuwa na hata tarakimu moja.

Kwenye risiti hiyo kuna vitu vingi, lakini vinavyotafutika ni hivi: tarehe na saa, kiasi, namba ya mashine au ya wakala, na namba ya muamala. Namba ya muamala ndiyo mfalme. Kwenye mashine nyingi huwa na tarakimu 12, na mfumo wa benki umeifungia muamala huo mmoja. Majina yanafanana, viasi vinafanana, lakini benki ikipewa namba hiyo pamoja na tarehe na mashine, inafika kwenye mstari mmoja tu.

Sasa apige simu, lakini asipige kuuliza "mmeona hela yangu?" Swali hilo linamlazimisha mhasibu atafute jina, na jina halipo. Ampe cha kutafuta. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo mzee wangu, karibu."

"Marahaba binti yangu. Mimi ni mteja namba 0417, Nainokanoka. Nimelipia ankara namba 2286. Sijaandika namba kwenye malipo, kwa hiyo hutaniona kwa jina. Fungua taarifa ya benki yenu. Tafuta 1,850,000, fedha taslimu kwa wakala Karatu, Jumamosi saa 10 na dakika 20 jioni. Maelezo yameandikwa unga. Aliyeweka ni dereva."

"Jumamosi sioni mzee. Jumamosi kuna moja tu, na ina mwenyewe."

"Angalia na Jumatatu."

Tumsifu mzee kwa sentensi hiyo ya mwisho. Fedha zilizowekwa Jumamosi alasiri, au siku ya kazi baada ya benki kufunga hesabu zake, huweza kuonekana kwenye taarifa kwa tarehe ya siku ya kazi inayofuata. Taarifa nyingi za benki zina tarehe mbili kwa kila mstari: siku muamala ulipofanyika, na siku fedha zilipohesabiwa kuwa zako. Mhasibu anayechuja kwa tarehe moja tu anaweza kuapa kwamba hakuna kitu, na kitu kipo mistari mitano chini. Mwombe atazame siku tatu mbele.

Baada ya simu, aandike. Meseji ndefu inatosha kwa kuanzia, barua ni bora. Na isiwe barua ya malalamiko. Iwe hivi: "Mimi mteja namba 0417 naomba malipo ya shilingi 1,850,000 yaliyowekwa kwa wakala Karatu tarehe fulani, saa fulani, namba ya muamala fulani, yaingizwe kwenye ankara namba 2286. Aliyeweka fedha kwa niaba yangu ni dereva fulani. Naambatanisha nakala ya risiti. Naomba mnijibu kwa maandishi mkishayaingiza." Hiyo inatosha. Barua ya namna hii hufanya kazi ambayo kumbukumbu ilishindwa kuifanya: inataja mlipaji na deni. Ikija na namba ya muamala, ambayo hakuna mwingine angeweza kuijua kama hakuwa na risiti, swali la tatu limejibiwa.

Kwa kampuni nyingi shauri linaishia hapo. Mhasibu anafanya usuluhishi wa benki mwisho wa mwezi hata hivyo, na hakuna kinachomfurahisha kama kuondoa mstari kwenye orodha ya fedha zisizotambuliwa. Orodha hiyo wakaguzi wa hesabu huiuliza.

Lakini tuseme mhasibu bado anasita. Anasema, "Mzee, huyu dereva simjui. Naye anaweza kusema fedha ni zake." Ana haki ya kusita, maana kwenye kumbukumbu za benki mwenye duka hayupo kabisa. Yupo wakala, labda yupo dereva, na ipo kampuni iliyopokea. Hapa zipo njia mbili, na mimi naipenda ya kwanza kwa kuwa haina gharama.

Njia ya kwanza ni ya kupunguza. Mistari ya 1,850,000 iko mitatu. Wawili wenyewe wanajulikana, ankara zao zimefungwa. Wateja wengine waliokuwa na ankara ya kiasi hicho ambayo haijalipwa ni wangapi? Kama ni mteja 0417 peke yake, basi mstari wa tatu hauna pengine pa kwenda. Kazi hii anaifanya mhasibu kwa leja yake mwenyewe, na haimchukui muda mrefu. Mteja hawezi kuifanya kwa sababu haoni hesabu za wenzake, wala hapaswi kuziona, anachoweza ni kuiomba ifanyike, tena kwa jina: "Naomba mlinganishe fedha zisizotambuliwa za wiki hiyo na ankara za kiasi hicho zilizobaki wazi."

Njia ya pili ni kurudi benki. Kuna siri ya mteja: benki haitakuambia wewe kilichomo kwenye akaunti ya kampuni. Ukienda dirishani ukauliza "je, kampuni fulani imepokea?" utarudishwa, na ni halali. Lakini upande wako wa muamala ni wako. Mweka fedha anaweza kwenda tawini na risiti na kitambulisho, akaomba uthibitisho wa maandishi kwamba muamala wa namba hiyo ulikamilika na akaunti iliyotajwa ilipokea. Kwa shauri letu mweka fedha ni dereva, kwa hiyo aende dereva mwenyewe, au waende wote wawili. Kampuni nayo, kwa upande wake, inaweza kuiuliza benki yake nani aliweka fedha za mstari ule. Maombi mawili yakikutana kwenye namba moja ya muamala, hakuna kilichobaki cha kubishaniwa isipokuwa uhusiano wa dereva na duka, nao unamalizwa na dereva kwa maelezo ya maandishi yenye sahihi yake. Fedha zikiwa nyingi au maneno yakiwa mengi, maelezo hayo huapwa mbele ya wakili au hakimu yakawa hati ya kiapo.

Kama fedha zingetoka kwenye akaunti ya benki ya mwenye duka badala ya mfukoni mwa dereva, kazi ingekuwa nusu. Angeomba taarifa ya akaunti yake yenye muhuri wa benki, mstari wa kutoka ungeonekana kwa jina lake, na ungekutana na mstari wa kuingia kule Arusha. Hata kwa sheria karatasi hiyo ina uzito: Sheria ya Ushahidi inapokea nakala iliyothibitishwa ya maingizo ya vitabu vya benki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Nalisema hili kwa kuwa bado wapo wanaoamini kwamba bila karatasi ya rangi yenye muhuri wa mviringo mahakamani huna kitu. Ila wasisahau kwamba anayedai amelipa ndiye anayetakiwa kuonyesha amelipa.

Msikilizaji mmoja atauliza: mbona serikali haituletei shida hii? Swali zuri. Tangu mfumo wa malipo ya serikali, GePG, uanze kutumika, ukilipa ada au tozo ya serikali unapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile wengi wetu tunaiita kontrol namba. Madereva wa watalii wa Karatu wanaijua vizuri. Bila hiyo hupati kibali cha kuingia hifadhini. Tofauti ni hii: kwa kampuni, namba ya akaunti ni moja kwa wateja wote na kumbukumbu ni hiari, ukiiacha fedha zinapita. Kwa kontrol namba, namba yenyewe ndiyo inayobeba bili yako. Imetolewa kwa mtu mmoja, kwa deni moja. Bila namba hakuna malipo, na ukikosea, mashine inakataa au inakuonyesha jina la bili ya mwingine kabla hujathibitisha. Wanorwe wamefanya hivyo kwenye ankara za kawaida kwa miaka mingi, kwa namba wanayoiita KID, yenye tarakimu ya mwisho ya kuhakiki zilizotangulia. Ukikosea tarakimu moja, malipo hayaendi. Sisi kwenye simu tunaonja kitu cha aina hiyo tunapolipa kwa namba ya kampuni na kuulizwa "ingiza kumbukumbu namba". Kampuni iliyounganisha mfumo wake vizuri hukataa namba isiyoijua. Iliyojiunga juujuu hupokea chochote utakachobonyeza, hata namba yako ya simu.

Kwa hiyo sehemu ya lawama ni ya kampuni, na mimi silifichi hilo. Kampuni inayouza kwa mali kauli kwa wateja mia, ikawapa wote akaunti moja, bila kuandika kwenye ankara kwa herufi kubwa "andika namba hii unapolipa", imejitafutia yenyewe. Dereva wetu alipewa kikaratasi chenye namba ya akaunti tu. Angeandika nini zaidi ya unga?

Na hata mwenye kuandika huandika vibaya. Anaanza: "Malipo ya unga wa sembe mifuko hamsini ya duka la Nainokanoka mteja namba 0417." Namba imekaa mwishoni. Sasa maelezo ya malipo hayana nafasi isiyo na mwisho. Kwenye ujumbe wa kibenki wa aina ya MT103, ambao umetumika miaka mingi kuhamisha fedha kutoka benki hadi benki, nafasi ya maelezo ni mistari 4 ya herufi 35. Na hiyo ni pale yote yanapofika. Taarifa inayochapwa kwa kampuni huweza kuonyesha kipande cha mwanzo tu, na mashine ya wakala huweza kukata mapema zaidi. Mhasibu akaona "MALIPO YA UNGA WA SEMBE MIF" na basi. Anza na namba: 0417, kisha 2286, kisha jina ukitaka. Kikikatwa, kitakatwa kisicho na kazi.

Ipo na mbinu ya wauzaji wa zamani ambayo naona haistahili kufa. Kama unajua wakala atasahau maelezo, lipa kiasi kisichofanana na cha mtu. Badala ya 1,850,000 lipa 1,850,450. Hizo 450 za ziada hazipotei, zinahesabiwa kwenye akaunti yako kwa kampuni. Lakini kwenye taarifa ya benki mstari wako unajitokeza peke yake, na ukipiga simu ukasema "tafuta inayoishia na mia nne na hamsini", mhasibu anaiona kabla hujamaliza sentensi.

Turudi kwa mzee wetu, maana shauri lake lina mkia. Mhasibu ameuona mstari wa Jumatatu, amepokea barua, ameingiza malipo. Mzee akaombe vitu viwili. Cha kwanza ni risiti ya EFD. Hiyo ni wajibu wa muuzaji, na unaweza kuihakiki kwa Mamlaka ya Mapato. Angalia jina la kampuni, kiasi na tarehe. Cha pili, ambacho watu hawakiombi, ni taarifa ya deni lake: karatasi inayoonyesha ankara zote alizochukua, malipo yote, na kipi kimelipia kipi.

Anaipata, anaisoma, anakuta ankara 2286 bado iko wazi kwa shilingi 600,000.

Imekuwaje? Alikuwa na deni la nyuma la shilingi 600,000, mifuko aliyoikataa mwezi wa pili kwa kuwa ilifika imelowa, na kampuni haijakubali kwamba ililowa. Malipo yake yalipokaa bila kutaja ankara, mfumo wa kampuni ukayaelekeza kwanza kwenye deni kongwe, kama kompyuta nyingi za uhasibu zinavyopangwa. Zilizobaki, 1,250,000, zikaenda kwenye 2286. Jumla ya deni lake haijabadilika, lakini ugomvi wa mifuko iliyolowa umekwisha bila yeye kusema neno, maana kwenye vitabu sasa ameilipia.

Sheria yetu ya mikataba inalo la kusema hapa. Mdaiwa mwenye madeni kadhaa, akilipa na kutaja deni analolilipia, anayedai akipokea anatakiwa aelekeze hapo. Asipotaja, na mazingira yasipoonyesha, anayedai anaruhusiwa kuchagua deni la kuelekeza, mradi ni deni halali. Na wote wasipochagua, malipo hufuata madeni kwa mpangilio wa tarehe. Sasa mzee hakutaja wakati wa kulipa. Lakini alilipa 1,850,000 kamili, sawasawa na ankara 2286 hadi shilingi ya mwisho, na mazingira hayo yanasema kwa sauti alikuwa analipia nini. Tena kabla kampuni haijaelekeza chochote, wakati fedha bado zimo kwenye zisizotambuliwa, barua yake ilishawafikia ikitaja 2286. Na deni la mifuko iliyolowa linabishaniwa, kwa hiyo hata uhalali wake haujathibitika.

Aandike barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Ataje tarehe ya barua ya kwanza, aambatanishe nakala yake, na aombe malipo yote 1,850,000 yahamishiwe ankara 2286 na deni la mwezi wa pili libaki wazi mpaka mifuko ile ijadiliwe. Mhasibu analifanya kwa maingizo mawili. Kisha aombe taarifa mpya ya deni, aikague kwenye mstari wa 2286, na aitunze pamoja na risiti ya EFD na ile nakala ya risiti ya wakala, si ile yenyewe inayofifia. Madai ya mkataba Tanzania Bara yana muda wa miaka 6 kufikishwa mahakamani, kwa hiyo karatasi hizo zikae dukani muda huohuo.

Na safari ijayo dereva apewe kikaratasi chenye namba tatu, si moja: ya akaunti, ya mteja, ya ankara. Wakala akiuliza maelezo aandike nini, dereva asiseme kitu. Amkabidhi karatasi.